Kudai malipo serikalini kwa barua: namba za kumbukumbu, kifungu cha mkataba na seti nne zilizozuia milioni nane

Taasisi ya serikali iliyokuwa ikidaiwa na karakana yetu ilitulipa Novemba 2023. Mzigo wa mwisho ulifika kwao Julai 2021. Naandika kwa ajili ya mafundi, wazabuni na wakandarasi wadogo ambao wana ankara ya namna hiyo kabatini na kila wakipiga simu wanaambiwa fedha hazijaingia. Taasisi siitaji kwa jina, na namba za kumbukumbu nimezibadilisha. Tarehe na hesabu ni zilezile.

Karakana ni ya baba, iko Mafinga, tunakopata mbao za paini kutoka msitu wa Sao Hill. Mimi nashika vitabu vya hesabu. Aprili 2021 tulisaini mkataba wa kutengeneza seti 320 za meza na kiti kwa Sh. 70,000 kila seti, jumla Sh. 22,400,000. Seti 200 za kwanza zilipokelewa Mei na zikalipwa kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Kwenye Sh. 14,000,000 walikata kodi ya zuio ya asilimia 2, yaani Sh. 280,000, na Sh. 13,720,000 ikaingia benki. Baba alifurahi sana. Kwa malipo hayo alikopa SACCOS Sh. 5,000,000 na akachukua mbao nyingine kwa mali kauli, ili amalizie seti 120 zilizobaki, zenye thamani ya Sh. 8,400,000.

Seti hizo 120 zilifika kwao tarehe 16 Juni 2021. Siku mbili baadaye kamati yao ya ukaguzi na mapokezi ilizikagua, ikakuta seti nne zina miguu iliyopasuka kwenye maungio. Vijana wakatengeneza nyingine, zikapelekwa tarehe 5 Julai. Kesho yake tukawasilisha ankara ya seti zote 120. Kati ya siku ya ukaguzi na siku ya ankara kuna tarehe 30 Juni, siku ambayo mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa, na kwa muda mrefu tuliamini kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya kutolipwa. Tuliambiwa hivyo kwenye simu, na ilikuwa na mantiki: fedha ya mwaka uliofungwa haipo tena, deni linasubiri bajeti mpya.

Tukasubiri. Mwaka mpya wa fedha ukaanza, ukaisha, ukaanza mwingine. Anayekaa mbali na mambo haya huenda asielewe deni la milioni nane linafanya nini kwenye karakana ya watu sita. Vijana wawili waliondoka kwenda kwenye viwanda vya nguzo. Mfanyabiashara wa mbao aliacha kutukopesha, na baba akawa anazunguka njia ya nyuma ili asipite mbele ya stoo yake. SACCOS wakaanza kuongeza adhabu juu ya rejesho lililochelewa. Nilimwona baba usiku akipiga hesabu zilezile kwenye karatasi ileile, na mama akimwondolea taa.

Ndani ya kipindi hicho baba aliandika barua. Ni mtu mwenye adabu, na barua zake zilikuwa za adabu: alisalimia, akaeleza kwamba yeye ni fundi wa siku nyingi, akataja mkopo, akataja vijana, akaomba afikiriwe. Hakujibiwa hata mara moja. Tulipokwenda wenyewe tulipokewa vizuri, tukapewa viti, tukaambiwa, “Mzee, jambo lako tunalijua, lipo kwenye mchakato.” Wazabuni wengi wanaandika kama alivyoandika baba, kwa sababu wanadhani anayesoma barua ni mtu wa kuhurumiwa au kukasirikiwa. Kwa sehemu kubwa sivyo. Barua inasomwa kwanza na masijala, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Januari 2023 nilikwenda peke yangu. Afisa niliyemtaka alikuwa kwenye kikao, nikakaa kwenye benchi nje ya masijala. Mama mmoja mtunza kumbukumbu, karibu na umri wa kustaafu, akaniuliza shida yangu. Nikamwambia kuna barua zetu tunaomba kujua zimefikia wapi. Akaniuliza, “Zina kumbukumbu gani, mwanangu?” Nikampa tarehe. Akatikisa kichwa, akafungua rejista ya barua zinazoingia, akapitisha rula chini ya mistari mpaka akafika kwenye jina la karakana yetu. Safu ya namba ya jalada ilikuwa imeandikwa namba ya jalada la barua mchanganyiko.

Akanieleza taratibu, nami nawapa kama nilivyoelewa. Kila jambo serikalini lina jalada lake. Mkataba wetu una jalada, na ndani yake kila karatasi ina namba ya folio: barua ya kutukabidhi zabuni, mkataba, hati ya ununuzi, taarifa za kamati, ankara. Barua mpya inapoingia, masijala wanatazama juu yake wajue iende jalada gani. Ikiwa na kumbukumbu namba ya barua yao ya awali, inawekwa kwenye jalada la mkataba, na jalada lote linapelekwa mezani kwa afisa husika. Afisa anafungua, anakuta barua yako mbele na ushahidi wote nyuma yake, na anaweza kuandika dokezo kwenda kwa bosi wake siku hiyohiyo. Barua isiyo na namba inakwenda kwenye jalada la jumla, na anayeisoma huko hana cha kushika. Hata ofisi zilizohamia kwenye mfumo wa Ofisi Mtandao, alisema, barua inaskaniwa lakini bado mtu ndiye anayechagua ijiunge na jalada lipi.

“Baba yako anaandika vizuri,” akaniambia, “lakini barua yake haituambii ni deni lipi. Sisi wazabuni tunao wengi.”

Nilirudi Mafinga nikatoa kila karatasi ya mkataba ule sakafuni. Kazi hii ilinichukua muda kuliko kuandika barua yenyewe, na ndiyo inayofaa kufanywa kwa utulivu. Nilikuwa natafuta namba za vitu vitano: barua yao ya kutukabidhi mkataba, mkataba wenyewe, hati ya ununuzi ambayo wote tunaiita LPO, hati zetu za kufikishia mzigo, na ankara. Barua ya kukabidhi mkataba ndiyo muhimu kuliko zote kwa masijala, kwa sababu kumbukumbu namba iliyo juu yake ndiyo namba ya jalada lao. Namba ya mkataba ni ya kitengo cha ununuzi, na namba ya LPO na ya ankara ni za wahasibu. Kila ofisi inatafuta kwa namba yake, kwa hiyo barua moja inatakiwa izibebe zote ili isikwame inapohama chumba.

Baadaye nikasoma mkataba, kurasa zote, pamoja na zile ambazo watu wanaziruka. Mikataba ya ununuzi wa umma ina Masharti ya Jumla na Masharti Maalum. Masharti ya Jumla yanasema jambo kwa upana na kukuelekeza kwenye Masharti Maalum, ambako ndiko kuna siku na viwango vya mkataba wako. Kwenye wetu, kifungu cha malipo cha Masharti ya Jumla kilisema malipo yatafanyika ndani ya siku zilizotajwa kwenye Masharti Maalum baada ya ankara kupokelewa, na Masharti Maalum yalisema siku 30. Ankara ilipokelewa tarehe 6 Julai 2021, kwa hiyo siku ya mwisho ilikuwa tarehe 5 Agosti 2021. Ilikuwa mara ya kwanza tangu deni lianze kuwa na tarehe kamili ya kusema “hapa ndipo lilipochelewa”.

Kifungu cha riba nacho kilikuwepo. Kilisema mnunuzi akichelewa atalipa riba kwa kiwango kilichotajwa kwenye Masharti Maalum. Nikafungua huko, nikakuta nafasi ya kiwango imepigwa mstari. Hakuna asilimia iliyojazwa. Hilo liliniuma, maana riba ya mwaka na nusu juu ya milioni nane ingesaidia adhabu za SACCOS. Kwenye barua niliamua nisiweke hesabu ya riba nisiyoweza kuionyesha kwenye mkataba, kwa sababu tarakimu moja yenye mashaka inampa mhasibu sababu ya kurudisha barua nzima. Nikaandika tu kwamba haki hiyo hatujaiacha.

Barua ilitoka hivi. Nimeinakili karibu yote, kwa sababu mfano unasaidia kuliko maelezo:

> Kumb. Na. KU/MAD/02/2023
> 6 Februari 2023
>
> Mtendaji Mkuu,
> (jina na anwani ya taasisi)
>
> YAH: MADAI YA SH. 8,400,000 – MKATABA NA. 14/2020-21/G, LPO NA. 3318, ANKARA NA. 0057
>
> Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. BC.41/210/01/36 ya tarehe 12 Aprili 2021 iliyotukabidhi mkataba tajwa hapo juu.
>
> 2. Chini ya mkataba huo tulifikisha seti 120 za meza na kiti tarehe 16 Juni 2021 kwa Hati ya Kufikishia Mzigo Na. 212. Seti 4 zilizorudishwa na kamati tulizibadilisha tarehe 5 Julai 2021 kwa Hati Na. 219. Ankara Na. 0057 ya Sh. 8,400,000 ilipokelewa ofisini kwako tarehe 6 Julai 2021.
>
> 3. Kwa mujibu wa kifungu cha 16.2 cha Masharti ya Jumla kikisomwa pamoja na Masharti Maalum, malipo yalipaswa kufanyika ndani ya siku 30, yaani kabla au ifikapo tarehe 5 Agosti 2021. Hadi tarehe ya barua hii hatujalipwa.
>
> 4. Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 21 kuhusu mambo haya: tarehe inayotarajiwa ya malipo, kama ipo hoja inayozuia malipo, hoja hiyo na hati inayohitajika kuiondoa, na kama deni hili limo kwenye orodha ya madeni ya wazabuni ya taasisi.
>
> 5. Haki zetu chini ya mkataba, ikiwemo riba, zinabaki kama zilivyo.

Chini nikaorodhesha viambatisho, kila kimoja na namba yake, kisha nakala kwa Mhasibu Mkuu, Mkuu wa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi na Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa taasisi hiyohiyo. Ukurasa mmoja na viambatisho.

Baba aliposoma alisita. Aliona barua haina salamu ya kutosha, haitaji shida zetu, inaonekana kama tunamshitaki mtu. Tulibishana kidogo, kwa heshima. Mwishowe nilimwomba atafute kwenye barua hiyo neno moja la kumvunjia mtu adabu, akatafuta, hakuliona. Akasaini.

Jirani yetu alitushauri tupeleke nakala wizarani na kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa barua hiyohiyo ya kwanza. Sikukubali, na bado nadhani ni vema kusubiri. Nakala ya wizarani inamlazimisha Mtendaji Mkuu ajitetee kwa wakubwa wake kabla hajajua deni lenyewe likoje, na jambo ambalo lingeisha kwa dokezo moja linageuka kuwa ugomvi. Nakala za ndani zinafanya kazi tofauti. Zinawaambia watu watatu ambao saini zao zinahitajika kwamba kila mmoja anajua wenzake wamepata barua.

Niliipeleka kwa mkono, nikiwa na nakala ya pili. Usiondoke masijala bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na saini. Yule mama aligonga, akaandika namba ya jalada pembeni kwa kalamu, safari hii namba ya jalada la mkataba wetu.

Jibu lilikuja Machi, lenye tarehe 9 Machi 2023. Nilisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, nikakaa chini kusoma mara ya pili. Waliandika kwamba madai yamepokelewa na kushughulikiwa, hata hivyo taarifa ya kamati ya ukaguzi na mapokezi ya tarehe 18 Juni 2021 inaonyesha seti 116 ndizo zilizokubaliwa, wakati ankara inadai seti 120. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa ndani ulirudisha hati ya malipo kwa hoja. Hoja hiyo ilikuwa ya Septemba 2021.

Mwaka mmoja na nusu. Tofauti ya seti nne, Sh. 280,000, ilikuwa imezuia Sh. 8,400,000 yote, na kwa muda wote huo hakuna aliyetuambia. Sidhani kama kuna mtu aliyetuficha. Afisa aliyekuwa anashughulikia alihamishwa, aliyekuja baada yake alikuta jalada limelala, na kwenye simu jibu rahisi la kila deni ni kwamba fedha haijaingia. Swali letu kwenye simu lilikuwa “mtalipa lini”, na hilo halimlazimishi mtu kufungua jalada. Swali la maandishi la “kuna hoja gani” linamlazimisha, kwa sababu hawezi kulijibu bila kulifungua.

Nitakaa kidogo kwenye jambo hili la seti nne, maana naamini limekwamisha wengi. Sisi tulikuwa na Hati Na. 219 yenye saini ya mtunza stoo wao, na kwetu hiyo ilikuwa ushahidi kwamba seti nne zimepokelewa. Kwa serikali, saini ya mtunza stoo inathibitisha kwamba mzigo umefika. Kwamba mzigo umekubaliwa, inathibitishwa na taarifa ya kamati. Mhasibu halipi kilichofika, analipa kilichokubaliwa. Seti nne za badala zilipokuja Julai, kamati haikukaa tena kuzikagua, kwa hiyo kwenye karatasi zilikuwa zimefika bila kukubaliwa, ingawa wanafunzi walikuwa wamezikalia tangu siku hiyo. Ukibadilisha bidhaa yoyote iliyorudishwa, uliza siku hiyohiyo kamati itakaa lini, na usiwasilishe ankara kabla ya kupata nakala ya taarifa yao ya nyongeza. Kama una haraka ya fedha, toa ankara mbili: moja ya bidhaa zilizokubaliwa, nyingine ya zilizobadilishwa. Ankara ya seti 116 ingekuwa ya Sh. 8,120,000 na haikuwa na hoja yoyote.

Tulijibu tarehe 13 Machi. Barua hiyo ilikuwa fupi zaidi, na mstari wa kwanza ulirejea kumbukumbu namba ya barua yao ya tarehe 9 Machi ili iingie folio inayofuata. Tuliomba mambo mawili. La kwanza, kamati izikague seti nne mahali zilipo na itoe taarifa ya nyongeza. Tukaambatisha nakala ya Hati Na. 219 na tukaomba wailinganishe na leja yao ya stoo ya tarehe hiyo. La pili, wakati hilo likiendelea, Sh. 8,120,000 isiyo na ubishi ithibitishwe kuwa deni. Hilo la pili alinishauri mhasibu mmoja mstaafu wa Iringa, na nashukuru sana. Anayedai yote au hakuna anawapa watu sababu ya kusubiri yote yakamilike.

Akaunti ya benki nayo ilihitaji kuangaliwa. Malipo ya taasisi sasa yanapita kwenye mfumo wa MUSE, na jina la akaunti lazima lilingane na jina lililo kwenye mkataba. Akaunti yetu ya zamani ilikuwa imelala kwa kukosa miamala. Niliifufua kwanza, nikachukua barua ya benki yenye jina na namba kamili, nikaiambatisha. Nimesikia wazabuni ambao fedha yao ilitumwa ikarudi kwa sababu ya herufi chache za jina, wakaanza foleni upya.

Kamati ilikaa. Seti nne zilitambuliwa kwa sababu vijana wetu walikuwa wamechoma alama ya karakana chini ya kila meza pamoja na mwezi wa kutengenezwa, na hizo nne tu ndizo zilizokuwa na alama ya Julai. Tarehe 24 Aprili 2023 tukapata barua ya Mtendaji Mkuu ikikiri kwamba taasisi inadaiwa Sh. 8,400,000 chini ya Mkataba Na. 14/2020-21/G, na kwamba deni limeingizwa kwenye orodha ya madeni ya wazabuni kwa ajili ya uhakiki.

Baba alitaka fedha, na barua ilimwonekea kama ahadi nyingine. Lakini barua ile ilikuwa na thamani kubwa, na nilimweleza kwa nini. Deni ambalo halimo kwenye orodha mwaka wa fedha unapofungwa halihakikiwi, na lisipohakikiwa haliombewi fedha. Barua ilifika miezi miwili kabla ya tarehe 30 Juni, kwa wakati. Pili, kwa sheria ya ukomo ya Tanzania, Sura ya 89, madai ya mkataba yanakufa baada ya miaka 6, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yaliyosainiwa, hesabu ya miaka inaanza upya kutoka siku aliyokiri. Ukiri wa kwenye simu haufanyi hivyo. Tatu, niliibeba barua hiyo SACCOS. Meneja aliisoma, akachukua nakala, na bodi yao ikakubali kupanga upya marejesho na kusimamisha adhabu. Nafuu hiyo ilifika nyumbani miezi kabla ya fedha yenyewe.

Njia ya mahakama tuliiweka tayari bila kuitumia. Kwa wanaoifikiria, Sura ya 5 ya sheria zetu inataka utoe notisi ya siku 90 kwa taasisi husika kabla ya kufungua shauri, na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya 2020 sharti hilo linahusu pia halmashauri, wakala na mashirika ya umma, kwa hiyo usidhani kwamba kwa sababu unaidai halmashauri ya wilaya unaweza kwenda mahakamani moja kwa moja. Wakili tuliyemwona alituambia kwamba notisi nzuri karibu yote inatoka kwenye barua kama ile ya Februari: mkataba upi, kifungu kipi, tarehe ipi, kiasi gani. Kwa deni la ukubwa wetu gharama ya shauri ingekula sehemu kubwa, na tayari tulikuwa na ukiri mkononi. Kama wangekaa kimya baada ya zile siku 21, na baada ya barua ya kukumbusha inayorejea ya kwanza, ningeishauri familia itoe notisi.

Baada ya Aprili niliandika mara moja tu, Agosti, mwaka mpya wa fedha ulipokuwa umeshaanza, nikirejea barua yao ya ukiri na kuuliza kama uhakiki umekamilika. Walijibu kwamba umekamilika. Novemba ikaingia Sh. 8,232,000, yaani deni lote likitolewa kodi ya zuio ya asilimia 2, Sh. 168,000. Baba alinipigia simu kutoka benki akanitajia kiasi, kisha akanyamaza, nikamsikia anavuta pumzi. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mfanyabiashara wa mbao kwa njia ya mbele.

Kodi ya zuio usiiachie hewani. Fedha hiyo imelipwa TRA kwa jina lako, na ukiwa na cheti cha kodi ya zuio inapunguzwa kwenye kodi yako ya mapato. Cheti cha Sh. 280,000 cha malipo ya kwanza hatukuwa nacho, wala hiki cha pili, kwa hiyo tuliandika barua moja kuomba vyote viwili, tukitaja tarehe za malipo na kumbukumbu namba ileile. Vilikuja pamoja.

Tumepata mkataba mwingine tangu hapo, na taasisi nyingine, safari hii kupitia mfumo wa zabuni wa NeST. Baba alifungua Masharti Maalum kabla ya kusaini, akakuta kwenye kifungu cha riba nafasi ya kiwango iko tupu. Akaandika kuomba ijazwe, akitaja namba ya zabuni na namba ya kifungu. Ilirudi imejazwa.